Deni la Chumba cha Mbele

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa mtaa huu, nashukuru mmeitika. Nimetumwa na mama yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mmewahi kula futari nyumbani kwake. Yeye mwenyewe yumo ndani, pamoja na kina mama, na ananisikia. Ameniomba niseme mbele ya watu, hapa barazani hasa, kwa sababu maneno ninayokuja kuyafuta yalisemwa hapahapa barazani. Jina la aliyekuwa mpangaji wake sitalitaja, naye aliniruhusu nihadithie mengine yote. Na yuko mtu wa tatu katika habari hii, marehemu, ambaye nyote mlimjua. Nitafika kwake.

Mnaikumbuka Disemba ya 2009. Umeme ulikatika kisiwa kizima cha Unguja. Ule waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara na kutokea Fumba, mtambo wake upande wetu uliharibika, na tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, tukarudi visimani na kwenye madumu. Aliyekuwa na jenereta alinunua mafuta mpaka akachoka, na asiye nayo alifunga biashara.

Mama mkubwa alikuwa na mpangaji katika chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Kijana kutoka Pemba, upande wa Konde, aliyeingia Julai 2009. Aliletwa na dalali. Alilipa kodi ya miezi sita mbele kama ilivyo ada, 40,000 kwa mwezi, jumla 240,000, yaani mpaka mwisho wa Disemba. Udalali alilipwa dalali, kodi ya mwezi mmoja. Wakaenda wote watatu kwa sheha, kijana akaandikwa kwenye daftari la shehia, na mambo yakawa mazuri.

Kazi yake ilikuwa friza. Alinunua moja kubwa, ya mtumba, kwa fedha za kukopa. Akitengeneza malai ya ubuyu na ya ukwaju akiwauzia watoto wa skuli, akiuza barafu, na usiku akiwahifadhia samaki wanawake wanaokaanga. Friza ndiyo iliyokuwa duka lake, shamba lake na kila kitu chake. Umeme ulipozimika, siku ya pili malai yalikuwa maji, siku ya nne samaki wa watu wameoza na wenyewe wako mlangoni wanadai.

Januari haikulipwa kodi. Februari alileta 30,000 akasema nyingine inakuja. Mama mkubwa hakumbana. Alijua hali, na katika Qur'ani, sura ya pili, aya ya 280, mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Machi umeme ukarudi, sote tukashangilia. Kumbe kwa kijana yule ndiyo ikawa balaa ya mwisho. Siku zile za mwanzo umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, mara mdogo mara mkubwa, na friza iliyokaa miezi mitatu haifanyi kazi ikawashwa kwa pupa. Kompresa ikaungua. Fundi aliyekuja kuitazama alisema kuibadilisha ni karibu na bei ya kununua friza nyingine.

Mwisho wa Aprili, masika yanapiga, alasiri moja watu waliokuwa hapa barazani walimwona kijana na dalali wanaipandisha friza kwenye gari la ng'ombe. Asubuhi ya pili mlango wa chumba cha mbele umefungwa. Siku mbili, siku tatu, kimya. Mama mkubwa hakulala. Anasema, na mimi namwamini kwa kuwa nilikuwa nakwenda kwake kila siku, kwamba hakuwa akiwaza kodi. Alikuwa akiwaza kwamba kijana wa watu amekufia mle ndani. Siku ya nne alimwita seremala kuvunja kitasa, sheha akiwa pamoja naye. Chumba kilikuwa kitupu. Bado godoro na sufuria moja.

Hapo ndipo hasira ilipokuja, na hasira ilitafuta mtu. Kijana hayupo. Yupo dalali. Ndiye aliyemleta, ndiye aliyeonekana akibeba friza. Mama mkubwa alisema mbele ya watu, hapa, kwamba dalali yule amekula njama na mpangaji wake, wameuza friza wakagawana, wakamwachia yeye deni. Hakusema mara moja. Na wengine wetu tuliyachukua maneno tukayapeleka mbele. Walioacha kumpa yule mzee nyumba zao azitafutie wapangaji wanajijua. Siku hizohizo alikuwa ameshamletea mama mkubwa mpangaji mwingine kwa chumba cha uwani, udalali wake 40,000 haujatolewa. Mama mkubwa akakataa kumpa. Alimwambia, "Kazichukue kwa mwenzako." Yule mzee hakwenda kwa sheha wala mahakamani. Aliacha kupita njia hii. Alifariki mwaka 2017, Mungu amrehemu.

Sasa nakuja kwenye mwezi wa mfungo mosi wa mwaka 2024, baada ya sikukuu. Mama mkubwa yuko ukumbini anachambua mchele. Hodi ikapigwa. Akaingia mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, kanzu na kofia, akasimama mlangoni hataki kukaa. Akasema, "Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyekuwa chumba cha mbele." Mama mkubwa akamwambia, "Marahaba. Kaa, mwanangu, utanisimamia mpaka lini?" Akapeleka mtu aniite, kwa sababu daftari la nyumba naliweka mimi.

Nilimkuta analia. Alikuwa ameomba radhi kabla sijafika, na akarudia nilipofika. Alieleza kwamba aliondoka usiku kwa aibu, akavuka kwenda Tanga, akabeba mizigo bandarini, halafu akarudi Pemba, akachuma karafuu za watu kwa pishi, mpaka akaanza kukodi mikarafuu yeye mwenyewe. Mwaka mwingine mikarafuu haizai, mwaka mwingine inazaa mpaka majamvi ya kuanikia hayatoshi. Katika mwaka mmoja wa neema ndipo aliposimama. Sasa alikuwa ameshalipia safari ya Hija, na jina lake limo kwenye kundi la kuondoka.

Mama mkubwa akamuuliza swali ambalo mimi nisingethubutu kuliuliza. "Umekuja kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Hija?"

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Mama, sitakudanganya mara ya pili. Hija ndiyo iliyonitia khofu. Sheikh wetu alitwambia kwamba Mungu husamehe yaliyo baina yake na mja wake, ama haki ya mtu, mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Nikajiona nakwenda kuzunguka Al-Kaaba na kodi yako mgongoni."

Nataka mjue kwamba jibu lile lilimtuliza mama mkubwa kuliko yale machozi. Kuna watu hapa watasema basi hakuwa na toba ya kweli, alitaka kusafisha safari yake tu. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyesukumwa na khofu ya Mungu mpaka akapanda boti, akapiga hodi kwenye nyumba aliyoitoroka miaka 14 nyuma, amefanya lile ambalo wengi wanaojiita wema hawajalifanya.

Akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na 500,000. Akasema, "Kodi miezi minne, 160,000. Iliyobaki ni ya kukaa kwako bila haki yako."

Hapa pana mambo niliyoyaona mimi mwenyewe, na ningependa kila mwenye nyumba na kila mpangaji ayasikie kwa utulivu.

La kwanza ni hesabu yenyewe. Kijana alikumbuka miezi minne, Januari mpaka Aprili, na alikuwa sahihi. Lakini alisahau kwamba Februari alilipa 30,000. Aliyetukumbusha ni daftari, tena kwa mwandiko wangu. Kwa hiyo kodi haikuwa 160,000, ilikuwa 130,000. Upande wa pili hakujua kwamba ankara ya umeme ya Novemba na ya siku zile za Disemba kabla ya giza ilikuja baadaye, na sehemu yake, kwa friza ile, ilikuwa 46,000, ambayo mama mkubwa aliitoa mfukoni mwake. Na kitasa kilichovunjwa, 8,000. Jumla 184,000. Angekuja mtu mwenye haraka, angechukua bahasha, wakalia, wakakumbatiana, na hakuna hata mmoja ambaye angejua deni lilikuwa kiasi gani. Tuliisoma hesabu mstari kwa mstari, kijana akakubali kila mstari kwa mdomo wake. Kitasa alikiuliza mara mbili, si kwa kukataa. Hakuwa amejua kwamba walivunja mlango wakidhani amekufa. Hilo ndilo lililomvunja yeye.

Kisha ikaja ile ziada. Mama mkubwa alihesabu 184,000, akaziweka mapajani, akamrudishia 316,000. Akasema, "Hizi sizitaki, hizi riba." Kijana akasema ni zake. Wakabishana hivyo mpaka nikaona afadhali twende kwa sheikh, baada ya sala ya alasiri, sote watatu.

Sheikh alituuliza jambo moja tu: kulikuwa na sharti la kuongeza? Hakukuwa. Akasema deni hulipwa kwa mfano wake, shilingi kwa shilingi, na mwenye kudai hana haki ya kudai zaidi kwa sababu muda umepita. Lakini mdaiwa akiongeza kwa hiari yake wakati wa kulipa, bila kuombwa na bila mapatano ya nyuma, hiyo si riba. Akatukumbusha kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikopa ngamia mchanga, na wakati wa kulipa akaamrisha alipwe ngamia aliye bora kuliko yule, akasema mbora wa watu ni yule aliye mbora wao katika kulipa.

Na mimi niliyaona ya dunia. Mwanzoni mwa 2010 dola moja ilikuwa shilingi 1,350 hivi. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,500. Kwa hivyo zile 184,000 ambazo zilikuwa zaidi ya dola 130 wakati ule, mwaka 2024 hazikufika 75. Mwenye nyumba aliyelipwa hesabu kamili ya daftari amelipwa haki yake, lakini sokoni anarudi na karibu nusu ya alichonyimwa. Kijana yule hakujua habari za dola. Alijua bei ya mchele ya siku ile na ya leo, na hiyo ilimtosha. Tukafanya hivi: 184,000 zikapokelewa kwanza, peke yake, kwa jina la deni, mama mkubwa akatamka mbele yetu kwamba amelipwa na hadai tena. Ndipo 316,000 zikatolewa upya, kwa mkono wa pili, kwa jina la zawadi, naye akazipokea.

Mtu mmoja ameniuliza, mbona mama mkubwa alikwishasema zamani kwamba kijana yule amemwachia Mungu? Si alimsamehe? Hapana. Aliyesema nimemwachia Mungu ameahirisha kesi, ameipeleka kwenye mahakama iliyo kubwa zaidi. Angesema nimemsamehe deni lake, deni lingeanguka siku hiyo na asingeweza kulirudia. Mama mkubwa hakusema hivyo, na anasema kwa ukweli kwamba hakuwa amesamehe. Siku ile, kwa sheikh, ndiyo alimsamehe, na alisamehe hasa ile ya kuondoka kimya. Alimwambia, "Kodi ningekuachia ungenambia. Siku tatu nilizokufikiria maiti, hizo ndizo nilizokuwa nakudai."

Ningependa habari iishe hapo, na kijana naye alidhani imekwisha. Tulipokuwa tunatoka akauliza, "Na yule mzee dalali yuko wapi? Naye nataka nimwombe radhi. Nilimdanganya."

Tukasimama.

Akasema alimwambia dalali kwamba friza inakwenda kwa fundi wa Darajani, akamwomba amsaidie kubeba. Yule mzee akambebea bila kuchukua hata senti. Njiani akamhimiza, "Nenda ukazungumze na bi mkubwa, yule mama ana huruma, mwambie hali yako." Kijana akamwambia keshazungumza naye na wameelewana. Uongo. Dalali akaachana naye Darajani akijua mambo yamekwisha vizuri. Kijana akaiuza friza kama chuma chakavu, 90,000, akapata nauli. Dalali hakugawana chochote. Hakujua chochote.

Sitaeleza uso wa mama mkubwa ulivyokuwa. Nitasema alichofanya. Aliuliza kama mzee ameacha mke na watoto. Ameacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walitangulia kabla yake. Akasema, "Basi mimi nina deni la 40,000, na wenyewe ni hao."

Nieleze hili polepole, kwa sababu wengi tunakosea. Deni la marehemu analodai watu ni mali ya warithi wote, si la mjane peke yake wala la mtoto mkubwa peke yake. Ukimpa mmoja bila idhini ya wengine, hujalipa. Zile 40,000 zikagawanywa: mjane thumni yake, 5,000. Zikabaki 35,000, wa kiume mafungu mawili mawili, wa kike moja, fungu moja 7,000. Kila mwana 14,000, binti 7,000. Fedha ndogo, mtu anaweza kuona haya kuzitoa. Tulizitoa hivyohivyo, kila mmoja mkononi mwake, kwa jina la deni. Baadaye mama mkubwa akaongeza 80,000 kutoka katika ile zawadi ya kijana, akaigawa kwa hesabu ileile, kwa jina la hiba. Alisema hawezi kulipwa kwa wema yeye akalipa kwa kipimo.

Mjane alipokea, akamkumbatia, akasamehe. Binti na mwana mdogo vilevile. Mwana mkubwa alipokea 14,000 za deni kwa kuwa ni haki ya baba yake. Ile hiba aliirudisha. Akasema, kwa adabu kabisa, "Bibi, fedha umelipa. Lakini baba yangu hakuvunjiwa heshima chumbani. Alivunjiwa barazani, na wapangaji wakaacha kuja kwake kwa maneno ya barazani. Mimi sina uwezo wa kusamehe kilichochukuliwa kwake mbele ya watu kikarudishwa kwa siri."

Tulirudi kwa sheikh, naye akasema mwana huyo hakukosea. Aliyemzulia mtu na mtu akafa, amwombee dua na amtolee sadaka, na tena afute uzushi palepale alipoueneza, kwa watu walewale kadiri anavyowapata.

Ndiyo maana ya kuitwa kwenu.

Kwa hiyo nasema, kwa ulimi wa mama yangu mkubwa na yeye akinisikia: yale aliyoyasema mwaka 2010 kuhusu dalali yule yalikuwa si kweli. Hakula njama na mpangaji. Hakuuza friza. Hakugawana fedha na mtu. Alibeba friza bure akidhani anamsaidia mwenye shida, na alimshauri mpangaji aseme ukweli. Mama mkubwa alimnyima udalali wake bila haki. Kila aliyeyasikia maneno yale na kuyapeleka kwingine, kwa mke wake, kwa ndugu yake wa Bububu, kwa rafiki aliyeko Maskati, anaombwa ayafuate alikoyapeleka akaseme haya. Na yeyote aliyemnyima mzee yule fedha ya kazi yake akijificha nyuma ya maneno ya mama mkubwa, warithi wake ni wanne, nami najua wanapokaa, nitampeleka.

Mwana mkubwa wa marehemu yupo hapa, amekaa pale karibu na nguzo. Hakuahidi kitu, na hatukumwomba aahidi. Akitaka kusema, nampisha nafasi hii. Akitaka kunyamaza, ni haki yake, na tutaondoka hivyo.